Mteja mkubwa ana majina mangapi?

Nakumatt ilipokuwa juu kabisa ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kwa mtengenezaji wa sabuni, mtindi au biskuti, kuona bidhaa yake kwenye shelfu za supamaketi hiyo ilikuwa ni kufika. Mwaka 2017 shelfu zikaanza kubaki tupu, kwa sababu waliokuwa wakipeleka bidhaa walichoka kupeleka bila kulipwa. Januari 2018 mahakama jijini Nairobi iliiweka kampuni chini ya msimamizi. Matawi sita ya mwisho yakachukuliwa na Naivas, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Kabla yake, Oktoba 2015, Uchumi ilikuwa imefunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Baada yake ikaja zamu ya Tuskys, ambayo mwaka 2020 ilikuwa tayari inahangaika kuwalipa waliokuwa wakiiletea bidhaa.

Kampuni ikianguka hivyo, benki iliyokopesha kwa dhamana hutangulia kwenye foleni ya malipo. Aliyepeleka mzigo wa mali kauli husimama nyuma, na mara nyingi foleni haimfikii. Lakini hata huko nyuma maumivu hayakuwa sawa. Yule ambaye Nakumatt ilikuwa inachukua sehemu moja ya ishirini ya mauzo yake alipata hasara, akalalamika, akaendelea. Yule aliyekuwa akipeleka huko nusu ya mzigo wake alibaki na mashine, wafanyakazi na mkopo vilivyopangwa kwa ajili ya mnunuzi ambaye hayupo tena.

Kujua uko upande upi kabla mambo hayajaharibika ndiyo kazi ya karatasi moja ambayo wahasibu huitengeneza: ripoti ya utegemezi wa wateja wakubwa. Kwa umbo lake ni kitu chepesi. Unaorodhesha wanunuzi kuanzia mkubwa kushuka chini, unaandika mauzo ya kila mmoja kwa miezi 12, unagawa kwa mauzo yote, unapata asilimia. Kisha unajumlisha: mmoja wa kwanza ana asilimia ngapi, watatu wa kwanza, watano wa kwanza. Mtu mwenye daftari safi la mauzo anaimaliza kwa mchana mmoja.

Ugumu uko kwingine. Ripoti ikitolewa moja kwa moja kutoka kwenye daftari au programu ya mauzo, mara nyingi huonyesha hali ya amani ambayo haipo. Daftari linahesabu akaunti, na akaunti si mteja. Asilimia nayo inahesabu mauzo peke yake, wakati hatari inaweza kuwa imejificha kwenye deni.

Tuchukue kiwanda cha mfano, nilichokiunda kwa ajili ya makala hii. Takwimu zake nimezifanya za mviringo ili zifuatike kwa urahisi. Ni kiwanda kidogo cha viungo mjini Morogoro, chenye wafanyakazi wachache. Kinanunua mdalasini na pilipili manga kutoka milima ya Uluguru, kinaagiza karafuu na iliki, kinakausha, kinasaga, kinafunga pakiti za gramu 50 na gramu 100 kwa ajili ya maduka, na ndoo za kilo tano kwa ajili ya majiko makubwa. Mwenye kiwanda ni mama mmoja, na hesabu zinawekwa na kijana anayekuja siku mbili kwa wiki.

Mauzo ya mwaka ni shilingi milioni 480. Hapo tayari yameshafanyika mambo mawili ambayo watu huyaruka. Kwanza VAT imeondolewa, kwa kuwa ile asilimia 18 ni ya serikali na kiwanda kinaishika njiani tu. Pili, mizigo iliyorudishwa imetolewa. Supamaketi ikipokea katoni 100 na kurudisha 12 kwa sababu tarehe ya matumizi inakaribia kwisha, mauzo ni katoni 88. Asiyetoa marejesho anamkuza mnunuzi yuleyule anayemrudishia mzigo.

Daftari lina akaunti 64. Ripoti ya kwanza inaonyesha hivi: muuzaji wa jumla wa Kariakoo milioni 60, tawi moja la supamaketi jijini Dar es Salaam milioni 54, mzabuni anayelisha shule za bweni milioni 48, tawi la pili la supamaketi ileile milioni 48, kiwanda cha soseji milioni 36, na tawi la Arusha milioni 30. Waliobaki ni akaunti 58 za maduka, migahawa na hoteli, kila moja ikiwa na milioni chache. Mkubwa kuliko wote, yule wa Kariakoo, ana asilimia 12.5. Mama akiitazama karatasi hiyo analala usingizi.

Kijana wa hesabu anauliza swali moja. “Mama, malipo ya haya matawi matatu yanatoka akaunti gani ya benki?”

“Yote makao makuu, mwanangu. Wanalipa kwa mkupuo.”

“Na anayetoa oda?”

“Meneja manunuzi wao. Matawi hayana sauti.”

Basi matawi matatu ni mteja mmoja: 54 na 48 na 30, jumla milioni 132. Hapo kijana angeweza kuishia, lakini anaendelea na kile kiwanda cha soseji. Kina jina tofauti, TIN tofauti na akaunti tofauti ya benki. Anaomba taarifa za kampuni hiyo BRELA, ambako kwa ada ndogo mtu yeyote anaweza kujua wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni iliyosajiliwa Tanzania bara. Majina yaliyorudi ni yaleyale ya wenye supamaketi. Kiwanda kilianza kununua viungo vya soseji mwaka uleule ambao supamaketi ilianza kuuza soseji zake yenyewe. Milioni 36 zinahamia upande huo, na mteja mmoja sasa ana milioni 168. Hiyo ni asilimia 35 ya mauzo yote.

Kuunganisha huku si ubunifu wa kijana. Kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha, IFRS 8, ambacho kampuni zilizoandikishwa kwenye masoko ya hisa ya Afrika Mashariki hukifuata, kinazitaka ziseme wazi pale mnunuzi mmoja anapofikisha asilimia 10 ya mapato au zaidi, na kinasema kampuni zilizo chini ya mamlaka moja zihesabiwe kuwa mnunuzi mmoja. Hakilazimishi kutaja jina la mnunuzi. Kwa taasisi za serikali kinawaachia wahasibu wapime kama zinaamua pamoja au kila moja kivyake. Kiwanda cha Morogoro hakibanwi na sharti hilo, lakini mantiki yake kinaihitaji kuliko kampuni kubwa inayobanwa nalo.

Kwa anayetumia Excel, kazi yote ni kuongeza safu moja. Safu ya A ina jina la akaunti kama lilivyo kwenye ankara, safu ya B ina jina la anayeamua, safu ya C ina mauzo bila VAT. Kwenye karatasi ya pili unaandika majina ya waamuzi tu, na mbele ya kila mmoja fomula hii:

```
=SUMIF(Mauzo!B:B,A2,Mauzo!C:C)/SUM(Mauzo!C:C)
```

Safu ya B ndiyo inayokula muda, kwa sababu kompyuta haiwezi kuijaza. Inajazwa na mtu anayejua nani anapiga simu ya oda, nani anasaini, na fedha zinatoka wapi.

Ripoti ya pili inasema hivi: kundi la supamaketi asilimia 35, Kariakoo 12.5, mzabuni wa shule 10. Watatu hao pamoja wana asilimia 57.5, na akaunti nyingine zote 58 zinagawana 42.5. Hicho ni kiwanda tofauti na kile cha karatasi ya kwanza, ingawa hakuna ankara hata moja iliyobadilika.

Kijana anarudi nyuma miaka miwili, na hapa ndipo ripoti inapoanza kuongea. Mwaka wa kwanza kundi la supamaketi lilinunua milioni 45 kati ya 320, yaani asilimia 14. Mwaka wa pili milioni 98 kati ya 410, asilimia 24. Mwaka wa tatu ni hizo 168 kati ya 480. Ukitazama asilimia peke yake utasema supamaketi inakua haraka. Toa sasa sehemu yake uone waliobaki: milioni 275, kisha 312, kisha 312. Mwaka wa mwisho wateja wengine wote hawakuongeza hata shilingi. Ukuaji wa milioni 70 ambao mama aliusherehekea ulitoka mlango mmoja.

Sababu inapatikana kwenye gari. Kiwanda kina gari moja la kusambaza, na mkataba wa supamaketi unataka mzigo ufike siku na saa iliyopangwa, ukichelewa unarudishwa. Siku za kupeleka Dar es Salaam na Arusha zikameza siku za kuzunguka maduka ya Morogoro, Kilosa, Mikumi na Dodoma. Hakuna aliyeamua kuwaacha wenye maduka. Walikosa gari, wakapata pakiti za kiwanda kingine. Ndiyo maana mimi huona ripoti ya mwaka mmoja haitoshi kabisa. Miaka mitatu ikiwekwa kando kwa kando inaonyesha kama mteja mkubwa ameongezeka juu ya wengine au amekua kwa kula nafasi yao, na dawa ya hali hizo mbili si moja.

Sasa tuje kwenye deni, mahali ninapotaka msomaji akae kidogo. Siku ya kufunga mwaka, kiwanda kinadai wateja wake milioni 70, VAT ikiwa imeondolewa humo ili tulinganishe na mauzo. Kati ya hizo, kundi la supamaketi linadaiwa milioni 49. Mteja mwenye asilimia 35 ya mauzo ameshika asilimia 70 ya deni. Ukigawa 49 kwa 168 na kuzidisha kwa siku 365, unapata siku 106. Mkataba unasema siku 60. Kwa wateja wengine wote hesabu hiyohiyo inatoa siku 25, kwa kuwa maduka mengi hulipa mzigo wa nyuma wanapopokea mpya.

Juu ya hizo milioni 49 kuna VAT inayokaribia milioni 9. Tanzania, VAT ya ankara ya mwezi mmoja inatakiwa TRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mnunuzi awe amelipa au hajalipa. Kiwanda kinaondoa ile VAT kilicholipa chenyewe kwenye vifungashio na gharama nyingine, lakini mkulima wa mdalasini wa Uluguru hatoi ankara ya VAT, kwa hiyo cha kuondoa ni kidogo. Maana yake, mama amekuwa akilipa kodi ya mauzo ambayo fedha yake ataiona baada ya miezi mitatu na zaidi.

Kuna kitu kingine ambacho hakimo kabisa kwenye daftari la wadaiwa. Mwaka jana supamaketi iliomba pakiti zenye lebo yake yenyewe. Ili apate bei nzuri kiwandani, mama alichapisha nyingi kwa mara moja. Stoo kuna vifungashio na viungo vilivyokwisha kufungwa chini ya lebo hiyo, vyote vya milioni 7. Mnunuzi akiondoka, vifungashio havina thamani kwa mtu mwingine yeyote, na viungo itabidi vifunguliwe na kufungwa upya. Kwa hiyo alichokiweka mama mikononi mwa mteja huyu mmoja ni milioni 56, na benki ana milioni 18 tu.

Faida nayo inasema jambo lake. Wateja wadogo wanamwachia mama faida ghafi ya asilimia 32, yaani baada ya kutoa gharama ya viungo, vifungashio na usagaji. Supamaketi inanunua kwa bei ya chini, inatoza ada ya kuingiza bidhaa mpya kwenye shelfu, inakata punguzo la promosheni, na kurudisha kilichozeeka. Ukiyatoa yote hayo inabaki asilimia 18. Kwa fedha ni milioni 30 kutoka supamaketi na milioni 100 kutoka kwa wengine wote. Asilimia 35 ya mauzo inaleta asilimia 23 ya faida ghafi.

Weka namba hizo tatu kwenye mstari mmoja: mauzo 35, faida 23, deni 70. Ukipeleka karatasi yenye namba ya kwanza tu, umepeleka theluthi ya habari. Mimi naona mstari huo wa namba tatu ndio ripoti yenyewe, na mengine yote ni maandalizi yake.

Mtu anaweza kuharakisha na kusema basi mteja huyu hana maana, aachwe. Tufanye hesabu kwanza. Gharama za kudumu za kiwanda, yaani mishahara, pango, riba, bima na matengenezo, ni milioni 104 kwa mwaka. Faida ghafi ni 130, kwa hiyo inabaki faida ya milioni 26. Ondoa milioni 30 za supamaketi, na kiwanda kinaingia hasara ya milioni 4. Faida ile nyembamba ndiyo inayolipa sehemu ya pango na mishahara. Kumfukuza kesho ni kujifukuza mwenyewe.

Lakini hesabu hiyohiyo ina habari njema ambayo watu wengi hawaioni. Ili kurudisha milioni 30 za faida ghafi, mama hahitaji kutafuta mauzo mengine ya milioni 168. Kwa wateja wanaomwachia asilimia 32, mauzo ya milioni 94 yanatosha. Na ili tu asipate hasara, anahitaji milioni 12 na nusu. Gharama ya kuwafikia wadogo ni kubwa zaidi, mafuta na muda wa gari vitapunguza kiasi, lakini kazi imeshuka kutoka kitu kisichowezekana hadi kitu cha kupangwa kwa mwaka mmoja au miwili.

Hiyo ni kama mnunuzi ataondoka kwa ustaarabu, kwa taarifa ya miezi mitatu na kulipa deni lake. Akianguka kama Nakumatt, swali la faida halifiki hata mezani. Milioni 49 zinakwama siku moja. Mama anadaiwa milioni 35 na wauza pilipili manga, mchapaji wa vifungashio na mwenye lori, na benki ana 18. Kiwanda kinachoonyesha faida kwenye vitabu kinashindwa kulipa mishahara ya mwezi wa pili. Biashara za namna hii hufa kwa kukauka fedha mkononi muda mrefu kabla hesabu ya mwaka haijafungwa, na ndiyo sababu ripoti inayosema mauzo bila kusema deni haimsaidii mtu.

Sasa tuwatazame wale wawili wengine. Yule wa Kariakoo ana asilimia 12.5, mzabuni wa shule ana 10. Kwa asilimia, wa Kariakoo ni hatari zaidi. Kwa uhalisia ni kinyume. Wa Kariakoo analipa anapochukua mzigo, na viungo anavyonunua vinakwenda kwa wafanyabiashara kutoka Mtwara, Kigoma, hadi Lubumbashi. Akifunga duka, wale wanaonunua kwake watatafuta pakiti hizo kwingine, na mama anaweza kuwapata. Mzabuni naye ana mteja mmoja nyuma yake: shule za serikali zinazolipa fungu likitoka. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, na kinachocheleweshwa pale hucheleweshwa kwa kila aliye nyuma yake kwenye mnyororo. Kama mama angeanza kuuza pia moja kwa moja kwa hospitali ya wilaya na chuo cha serikali, daftari lingemwonyesha wateja watatu, lakini wote wangekuwa wanasubiri mfuko mmoja. Kwa hiyo mbele ya kila mnunuzi mkubwa ripoti inahitaji mstari mmoja wa maneno: fedha yake inatoka kwa nani.

Kampuni kubwa nazo hazijakingwa na haya. Imagination Technologies ya Uingereza ilikuwa ikibuni michoro ya vichakata picha vinavyotumika ndani ya simu, na karibu nusu ya mapato yake ilitoka Apple. Jambo hilo halikuwa siri, wawekezaji walilijua. Tarehe 3 Aprili 2017 kampuni ilitangaza kwamba Apple imeiarifu kuwa itaacha kutumia ubunifu wake ndani ya miezi 15 hadi miaka miwili. Siku hiyohiyo bei ya hisa zake ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 60. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imekubali kuuzwa kwa pauni milioni 550. Apple haikufilisika wala haikukataa kulipa. Ilijenga uwezo wa kubuni yenyewe. Hilo ndilo la kujiuliza juu ya kila mnunuzi mkubwa: je, anaweza kutengeneza mwenyewe anachonunua kwako? Supamaketi iliyoanzisha kiwanda cha soseji na kuomba lebo yake kwenye pakiti za viungo imeshaanza kujibu.

Dalili za hatari hazingoji ripoti ya mwaka. Ya kwanza ni siku za malipo kusogea: 60 zikawa 75, kisha 90, na kila mara kuna maelezo mazuri. Ya pili ni malipo ya vipande, milioni 3 juu ya ankara ya milioni 8, bila kusema ni ya ankara ipi. Ya tatu haiko kwenye karatasi kabisa. Dereva wa mama anayeingia kwenye ghala la supamaketi kila wiki anaona kama malori ya wengine yamepungua, anaona shelfu za sukari na mafuta ya kula zikiwa na mapengo. Wasambazaji wakubwa wenye wanasheria huacha kupeleka mapema kuliko wadogo. Shelfu tupu za bidhaa za watu wengine ni taarifa ya fedha iliyo wazi kuliko nyingi zinazochapishwa, na dereva aulizwe kila anaporudi.

Kuna pia makosa yanayoweza kumtisha mtu bure. Ripoti ya miezi mitatu inayoangukia Ramadhani itampandisha muuzaji wa jumla ambaye kwa mwaka mzima ni wa kawaida. Oda moja kubwa ya shirika la misaada itatokea kama mteja wa tatu kwa ukubwa, kisha hataonekana tena. Ndiyo maana hesabu hutumia miezi 12 iliyopita, ikisogezwa mbele kila mwezi, na oda za mara moja zinawekewa alama pembeni.

Mama alipoona mstari wa 35, 23, 70, jambo la kwanza alilotaka ni kupunguza mauzo kwa supamaketi. Kijana akamshauri aanze na deni, kwa kuwa deni analiamua yeye na mauzo anayaamua mwingine. Wakakubaliana juu ya kikomo: mteja yeyote asidaiwe zaidi ya mzigo wa siku 60. Kwa kasi ya milioni 168 kwa mwaka hiyo ni karibu milioni 28. Bado ni zaidi ya fedha iliyoko benki, lakini ni jeraha ambalo kiwanda kinaweza kulitibu kwa kuongea na wanaokidai. Ankara mpya haitoki mpaka ya zamani zaidi imelipwa. Mtu ataogopa kusema hivyo kwa mnunuzi mkubwa, na hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo mama alikwenda na kitu mkononi: punguzo la asilimia 2 kwa ankara itakayolipwa ndani ya siku 30. Kama malipo yote yakija hivyo, punguzo litamgharimu kama milioni 3 na nusu kwa mwaka, kiasi kidogo mbele ya milioni 49 zinazolala kwa watu.

Kikomo kina mpaka wake. Hakimzuii mnunuzi kuondoka, na hakiongezi mteja mpya hata mmoja. Hilo ni suala la gari. Siku mbili za wiki zimetengwa tena kwa maduka ya Morogoro na Dodoma, na mzigo wa Arusha sasa unapelekwa kwa lori la kukodi, gharama yake ikiandikwa dhidi ya faida ya supamaketi ili ile asilimia 18 ionekane ilivyo kweli. Ripoti inatoka kila mwezi, ukurasa mmoja, wateja watano wa kwanza kwa jina la anayeamua, kila mmoja na namba zake tatu na mstari wake wa maneno. Mzabuni wa shule amewekewa kikomo kidogo zaidi kuanzia Aprili hadi fungu la mwaka mpya litoke. Na pakiti za lebo ya supamaketi zinachapishwa kwa mafungu ya mwezi mmoja tu, ingawa bei ya kila pakiti imepanda kidogo, baada ya mnunuzi kutia sahihi kwamba zitakazobaki mkataba ukiisha atazilipia yeye.